Koo linauma: kuhesabu alama, kupima, au kutoa dawa moja kwa moja?

Koo likiuma pamoja na homa, mgonjwa na anayemhudumia huwa na njia tatu. Anaweza kupewa antibiotiki kwa kuangalia dalili tu, anaweza kupimwa kwanza, au, mahali penye hatari kubwa, mtoto yeyote mwenye koo linaloleta shaka anaweza kutibiwa bila kusubiri chochote. Kila njia ina watu wanaoitetea kwa nguvu, na wengi wao wana haki mahali walipo. Ugomvi huanza pale mmoja anapochukua njia ya mwenzake na kuipeleka kwa wagonjwa wa aina nyingine.

Kabla ya kulinganisha, tuelewane tunazuia nini. Koo nyingi zinazouma ni za virusi, na antibiotiki haziwafanyi kitu virusi. Bakteria anayetushughulisha ni streptokokasi wa kundi A, ambaye huhusika na koo 20 hadi 30 hivi kati ya 100 kwa watoto wa umri wa shule, na 5 hadi 15 kati ya 100 kwa watu wazima. Hata huyo naye, koo hupona lenyewe ndani ya wiki moja kwa wagonjwa wengi, na dawa hupunguza maumivu kwa muda usiofika siku nzima. Kama lengo lingekuwa kutuliza koo tu, parasetamoli ingetosha.

Sababu ya kuhangaika ni kinachoweza kuja wiki mbili au tatu baadaye, koo likiwa limeshasahaulika. Kinga ya mwili iliyoamshwa kupigana na bakteria huyu inaweza kugeukia mwili wenyewe: magoti na vifundo vya miguu huvimba kwa kupokezana, mtoto huanza kurusharusha viungo bila kutaka, au moyo hushambuliwa. Hiyo ndiyo homa ya baridi yabisi. Viungo hupona bila kuacha alama. Valvu za moyo haziponi hivyo; zinaweza kubaki na makovu, na shambulio la pili na la tatu huongeza makovu juu ya makovu.

## Vigezo vya kulinganisha

Nitazipima njia zote tatu kwa maswali manne. Inawakosa wangapi wenye bakteria? Inawapa dawa wangapi wasioihitaji? Inahitaji vifaa na ujuzi gani? Na inamfaa nani?

Kuna jambo la muda linalopunguza presha katika yote haya. Majaribio yaliyofanywa miaka ya 1950 kwa askari wa kituo cha Warren, Wyoming, Marekani, yalionyesha kwamba penisilini huzuia homa ya baridi yabisi, na kwamba hata ikianza siku ya tisa tangu koo lianze kuuma bado inazuia. Kwa hiyo mgonjwa aliyeanza kuumwa juzi hana dharura upande wa moyo. Kusubiri jibu la maabara kwa siku mbili hakumpotezei kinga hiyo, mradi atarudi. Hilo neno "atarudi" ndilo linaloamua mengi huko mbele.

Na kuna swali la tano lililo juu ya hayo manne: mgonjwa huyu anaishi kwenye hatari kiasi gani ya homa ya baridi yabisi? Hatari ni kubwa kwa watoto wa miaka 5 hadi 15, kwa wanaolala wengi katika chumba kimoja, kwa jamii ambazo ugonjwa huu bado unaonekana mara kwa mara, na kwa yeyote aliyewahi kuupata. Katika kambi za kijeshi za wakati ule, koo la streptokokasi lilipolipuka, takriban 3 kati ya 100 wasiotibiwa walipata homa ya baridi yabisi. Nje ya milipuko kiwango huwa chini sana, mara nyingine 3 kati ya 1,000. Tofauti hiyo ya mara kumi hutaiona kwa kumulika koo la mtoto.

## Kwanza, wasiohusika na ulinganisho huu

Mgonjwa anayeshindwa kumeza hata mate yake, asiyeweza kufungua mdomo vizuri, anayetoa sauti ya ndani kama aliyejaza kitu mdomoni, anayepumua kwa shida, au aliyevimba koo upande mmoja, hahesabiwi alama. Anapelekwa hospitali mara moja, maana huenda ana jipu nyuma ya tonsili au uvimbe unaoziba njia ya hewa.

## Alama zinavyohesabiwa

Mwaka 1981 Robert Centor na wenzake walitoa vigezo vinne kwa watu wazima: usaha au utando mweupe kwenye tonsili, matezi ya mbele ya shingo yaliyovimba na yanayouma yakiguswa, homa, na kutokuwepo kwa kikohozi. Kila kimoja ni alama moja. Mwaka 1998 Warren McIsaac aliongeza umri: miaka 3 hadi 14 huongeza alama moja, 15 hadi 44 haibadilishi kitu, na 45 kwenda juu hupunguza moja.

Jumla inatafsiriwa hivi:

- 0 au chini yake: uwezekano wa streptokokasi ni takriban 1 hadi 2.5 kati ya 100
- 1: takriban 5 hadi 10
- 2: takriban 11 hadi 17
- 3: takriban 28 hadi 35
- 4 au 5: takriban 51 hadi 53

Mstari wa mwisho usomwe mara mbili. Mgonjwa mwenye kila dalili iliyoandikwa kitabuni, usaha, homa, matezi na yote mengine, ana nusu tu ya uwezekano wa kuwa na bakteria huyu. Kwa hiyo tabibu anayesema "mimi nikiliangalia koo najua" anabahatisha, hata akiwa na miaka mingi kazini. Usaha peke yake si ushahidi. Virusi kadhaa huleta utando mweupe mzuri tu kwenye tonsili.

Uingereza hutumia pia alama za FeverPAIN: homa ndani ya saa 24 zilizopita, usaha, kufika kutibiwa ndani ya siku tatu tangu dalili zianze, tonsili zilizovimba na kuwa nyekundu sana, na kutokuwa na kikohozi wala mafua. Alama 4 au 5 humaanisha uwezekano wa 62 hadi 65 kati ya 100. Kwa mwenye 2 au 3, mwongozo wa taasisi ya NICE unaruhusu kuandika dawa lakini mgonjwa asiianze mpaka siku tatu hadi tano zipite bila nafuu, au hali izidi kuwa mbaya. Ni utaratibu mzuri kwa nchi ambayo homa ya baridi yabisi imekuwa nadra. Uliundwa kwa ajili ya kupunguza antibiotiki, na mtu akiuhamishia mahali ambapo watoto wanafanyiwa upasuaji wa valvu atakuwa anatumia jibu sahihi kwa swali la watu wengine.

## Mgonjwa wa kufanyia mfano

Tuchukue mtoto wa miaka 9, uzito kilo 26. Koo limemuuma siku mbili. Joto ni 38.4. Hana kikohozi wala mafua. Tonsili ni nyekundu, hakuna usaha. Matezi ya shingo yanapapasika lakini hayaumi.

Kwa McIsaac: umri 1, homa 1, kutokohoa 1. Usaha 0, matezi 0. Jumla 3, yaani uwezekano wa takriban 30 kati ya 100. Kwa FeverPAIN: homa 1, kufika mapema 1, kutokohoa 1, jumla 3 pia. Ni mgonjwa wa katikati hasa, na ndiye anayewagawa watu. Tuwafikirie watoto 100 wanaofanana naye, 30 wakiwa na bakteria na 70 wakiwa na virusi, tuwapitishe kila njia.

## Njia ya kwanza: alama peke yake

Inawakosa wangapi. Inategemea umeweka mpaka wapi. Ukitibu kuanzia alama 3, watoto wetu wote 100 wanapata dawa na humkosi hata mmoja kati ya 30. Ukipandisha mpaka hadi 4, wote 30 wanaondoka bila dawa. Alama moja tu, na huenda tofauti ikawa ni nani alibonyeza tezi kwa nguvu zaidi.

Ukali wa vigezo una historia yake. Miaka ya 1990 huko Misri, watafiti waliujaribu mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa wakati huo, uliodai mtoto awe na utando kwenye tonsili na pia matezi yanayouma ndipo atibiwe. Kati ya watoto waliokuwa na streptokokasi kweli, mwongozo ule ulinasa 12 tu katika kila 100. Watafiti walipopendekeza "au" badala ya "na", yaani utando au matezi makubwa, ulinasa 84 katika kila 100. Gharama yake ikawa kwamba wengi wasio na bakteria nao waliingia kwenye dawa: kati yao ni 40 tu katika kila 100 walioachwa bila kutibiwa. Huwezi kuipata faida ya upande mmoja bila kulipia upande wa pili.

Inawapa bure wangapi. Kwa mpaka wa 3, watoto 70 kati ya 100 wetu wanameza dawa isiyowasaidia chochote. Watakaopata kuhara au upele ni baadhi tu, lakini bakteria wengine wanaoishi mwilini mwao wanazoeshwa dawa.

Inahitaji nini. Tochi, kipimajoto, kijiti cha kubonyezea ulimi na vidole vinavyojua kupapasa shingo. Hicho kifaa cha mwisho ndicho kinachopungua zaidi kuliko watu wanavyokiri. Matezi yanayohesabiwa ni ya mbele, chini ya pembe ya taya. Yaliyovimba nyuma ya shingo mara nyingi huelekeza kwenye virusi, hasa kwa kijana mwenye uchovu wa wiki nzima.

Inamfaa nani. Alama hufanya kazi yake bora zaidi upande wa chini. Mtu wa miaka 50 anayekohoa, ana mafua, hana homa: alama zake ni hasi, na unaweza kumrudisha nyumbani na dawa ya maumivu kwa moyo mweupe. Kwa katikati na juu, alama zinakuambia nani wa kupima zaidi kuliko nani wa kutibu.

## Njia ya pili: alama, kisha kipimo

Hapa wenye alama 0 na 1 hawapimwi. Kuanzia 2 au 3 wanapakwa pamba kooni, na dawa hutolewa kwa aliyeonekana na bakteria.

Inawakosa wangapi. Kipimo cha haraka hunasa takriban 85 kati ya 100 wenye bakteria. Kwa watoto wetu, 25 au 26 kati ya 30 watanaswa, na 4 au 5 watapita. Katika mazingira ya hatari kubwa, ya 3 kati ya 100, hao 4 au 5 wanamaanisha homa ya baridi yabisi kwa mtoto mmoja katika kila watoto 700 hivi waliopimwa. Katika hatari ndogo ni mmoja katika kila 7,000. Ndiyo maana kwa watoto inashauriwa jibu hasi la kipimo cha haraka lifuatwe na kuoteshwa kwa bakteria maabara, ambako huchukua siku moja hadi mbili na hunasa 90 hadi 95 kati ya 100. Kwa watu wazima hatua hiyo ya ziada kwa kawaida haihitajiki, kwa sababu shambulio la kwanza la homa ya baridi yabisi ukubwani ni nadra.

Inawapa bure wangapi. Wachache, na hapa ndipo njia hii inapong'aa. Kipimo humtaja kimakosa mtu 1 kati ya 20 asiye na bakteria, yaani 3 au 4 kati ya 70 wetu. Jumla ya wanaotibiwa ni 29 hivi badala ya 100.

Ila kipimo kina upofu wake. Takriban mtoto 1 kati ya 10 mwenye afya njema hubeba streptokokasi kooni bila kuugua. Mtoto kama huyo akipata mafua ya virusi na akapimwa, jibu litakuwa chanya, na lawama itamwangukia bakteria asiyehusika. Kinga pekee ni kutompima mwenye dalili wazi za virusi: makamasi, macho mekundu, sauti kukwaruza, vidonda mdomoni, kuhara. Kwa sababu hiyohiyo, kumpima tena mtoto aliyekwisha kutibiwa na kupona ni kujitafutia wasiwasi.

Inahitaji nini. Kipimo chenyewe, na mkono wa kukitumia. Pamba iguse tonsili zote mbili na ukuta wa nyuma wa koo, isiguse ulimi wala mashavu. Mtoto atataka kutapika, na wengi hukimbilia kuitoa pamba hapo. Jibu hasi la pamba iliyogusa ulimi tu halina maana. Ichukuliwe kabla ya dozi ya kwanza ya antibiotiki. Mzazi aliyeanza kumpa mtoto vidonge vilivyobaki kabatini aulizwe bila kukaripiwa, vinginevyo hatasema.

Inamfaa nani. Mtoto wetu wa miaka 9, kama kipimo kipo na familia inapatikana jibu likitoka. Muda wa siku tisa unaruhusu kabisa kusubiri.

## Njia ya tatu: kumtibu kila mtoto mwenye koo linaloleta shaka

Njia hii hutumika mahali ambapo homa ya baridi yabisi ni ya kawaida na maabara haipo. Mtoto wa miaka 3 hadi 15 mwenye koo linalouma, asiye na dalili wazi za virusi, hutibiwa siku hiyohiyo.

Inawakosa wangapi. Kati ya wanaofika, karibu hakuna. Hata mwenye alama 2, ambaye njia ya kwanza ingemwacha, anapata dawa.

Inawapa bure wangapi. Ndiyo mbaya zaidi hapa: kati ya watoto 100, 70 au zaidi hawana bakteria. Hasara yake inapunguzwa na dawa inayotumika. Penisilini ina shabaha nyembamba, na mpaka leo streptokokasi wa kundi A hajawa sugu kwayo. Kumtibu kila mtoto kwa penisilini ni jambo linaloweza kutetewa. Kumtibu kila mtoto kwa azithromaisini ni kukuza usugu kwa bidii. Mzio mkali nao upo, ingawa ni nadra: utafiti wa nchi kadhaa uliochapishwa 1991 kwa wagonjwa waliochomwa sindano za kinga za penisilini ulikuta takriban tukio 1 katika sindano 10,000.

Inahitaji nini. Penisilini isiyokatika stoo, adrenalini mkononi kwa ajili ya mzio, na nidhamu ya kumwacha mwenye mafua. Bila nidhamu hiyo, njia hii huteleza polepole mpaka kila kikohozi kinapata sindano.

Inamfaa nani. Mtoto wetu yuleyule, kama anaishi kwenye jamii yenye hatari kubwa, kipimo hakuna, na kurudi kesho ni safari ambayo familia haitaifanya.

Njia zote tatu zina shimo moja la pamoja. Wagonjwa wengi wa homa ya baridi yabisi, wakiulizwa, hawakumbuki kuumwa koo, au liliwauma kidogo wasione haja ya kwenda popote. Hakuna alama wala kipimo kinachomwona mtu ambaye hakufika.

## Ukishaamua kutibu: sindano moja au dawa ya kumeza?

Uamuzi huu unapewa dakika moja, wakati ndio unaobeba kinga yenyewe.

Sindano ni benzathini penisilini, dozi moja ndani ya msuli: yuniti 600,000 kwa aliye chini ya kilo 27, na 1,200,000 kwa kilo 27 na zaidi. Mtoto wetu wa kilo 26 anapata 600,000. Faida yake ni kwamba ikishaingia, kazi imekwisha. Hakuna wa kusahau. Katika majaribio ya zamani, antibiotiki kwa ujumla zilipunguza homa ya baridi yabisi kwa takriban 7 kati ya 10, na penisilini ya sindano kwa takriban 8 kati ya 10. Upande wa pili, inauma, na dawa ni nzito. Kuishika chupa mkononi mpaka ipoteze ubaridi na kuisukuma polepole hupunguza maumivu. Isiingie kwenye mshipa wa damu kamwe, na mgonjwa abaki karibu kwa angalau dakika 15 hadi 20.

Ya kumeza ni penisilini V kwa siku 10, miligramu 250 mara mbili au tatu kwa siku kwa aliye chini ya kilo 27, na miligramu 500 kwa mkubwa zaidi. Au ni amoksilini, miligramu 50 kwa kila kilo, mara moja kwa siku, isizidi 1,000, siku 10 vilevile. Kwa kilo 26 hesabu inatoa 1,300, kwa hiyo mtoto wetu anasimama kwenye 1,000. Kumeza mara moja kwa siku kunasaidia sana kwa mtoto anayekimbia dawa.

Tatizo la vidonge linajulikana: homa huisha siku ya pili, koo siku ya tatu au ya nne, na kuanzia hapo mzazi anamlazimisha mtoto mzima kumeza dawa. Kuna miongozo inayoruhusu siku 5, na kwa kuponya koo tu huenda zikatosha. Unapotibu kwa ajili ya moyo, siku 10 ndizo zinazotegemewa. Kama unajua hazitafika, toa sindano.

Mwenye historia ya mzio mkali wa penisilini ana njia nyingine, kama azithromaisini kwa siku 5, ikikumbukwa kwamba sehemu nyingine bakteria huyu ameshaizoea. Historia ichunguzwe vizuri, maana amoksilini ikimkuta kijana mwenye homa ya matezi ya virusi huleta upele mwili mzima, na upele huo humwandika mtu "ana mzio wa penisilini" maisha yake yote bila kuwa nao. Kotrimoksazoli na tetrasaiklini hazifai kutibu koo hili, hata kama ndizo zilizopo dukani.

## Kwa hali yako

*Mtu mzima, hatari ndogo, anakohoa au ana mafua.* Dawa ya maumivu, maji, na subira ya wiki moja. Hakuna haja ya kipimo.

*Mtu mzima mwenye alama 3 na zaidi.* Pima kama kipimo kipo. Kama hakipo, kusubiri siku tatu hadi tano ukiwa na dawa iliyoandikwa ni uamuzi wa busara, isipokuwa ana historia ya moyo au anaishi kwenye hatari kubwa.

*Mtoto wa miaka 3 hadi 15, hatari ndogo, maabara ipo.* Alama 2 au zaidi, mpime. Jibu hasi lioteshwe. Usimpe dawa ya kushikilia wakati mnasubiri.

*Mtoto wa umri huohuo, hatari kubwa, kipimo kipo na mnaweza kuwasiliana.* Pima kuanzia alama 2, tibu siku hiyohiyo jibu likiwa chanya. Kama kuotesha hakuwezekani na jibu la haraka ni hasi kwa mtoto mwenye alama 4, mimi ningemtibu hata hivyo, kwa kuwa hasara ya kukosea upande huo ni ndogo.

*Mtoto wa umri huohuo, hatari kubwa, hakuna kipimo, kurudi ni kugumu.* Hakuna dalili za virusi? Sindano moja leo.

*Mtoto yeyote aliyetibiwa au kutotibiwa, na wiki mbili au tatu baadaye goti limevimba, kisha la pili, au anachoka akipanda ngazi, au mikono inaruka yenyewe.* Alama za koo hazina kazi tena. Anahitaji uchunguzi wa moyo, hata kama koo lake lilisemekana ni la virusi.

*Aliyewahi kupata homa ya baridi yabisi.* Huyu yuko nje ya hesabu zote za juu. Kila koo jipya la streptokokasi linaweza kumrudishia ugonjwa, hata lisipomuuma, kwa hiyo hasubiriwi koo. Anachomwa benzathini penisilini kila wiki tatu hadi nne. Kama moyo haukuguswa, ni kwa miaka 5 au mpaka afike miaka 21, kwa kufuata muda ulio mrefu zaidi. Kama uliguswa lakini valvu hazikubaki na kasoro, ni miaka 10 au mpaka 21. Valvu zikibaki na kasoro, ni miaka 10 au mpaka 40, na kwa wengine maisha yote. Koo likimuuma katikati ya ratiba, anatibiwa kama mgonjwa mwingine yeyote wa streptokokasi, na tarehe ya sindano yake ya mwisho ndiyo ya kwanza kuulizwa.